UZI: Picha ya sahani ya mtoto kutoka kituoni, nisaidieni kuisoma: kipi humu kinaweza kumkaba?

MamaTumaini

Wadau, salaam. Kituo anachoshinda mwanangu hututumia picha ya vitafunio kila asubuhi kwenye kundi la wasapu. Ya leo imenitia wasiwasi lakini nashindwa kusema ni nini hasa. Mtoto ana mwaka mmoja na miezi kumi.

Kwa ambao picha haifunguki: ni sahani ya plastiki ya bluu, imepigwa kutoka juu. Kuna zabibu nyekundu kama sita, soseji iliyokatwa viduara, vijiti vya karoti, nusu ya yai la kuchemsha, na kipande cha mkate chenye siagi ya karanga. Kijiko cha mtoto kiko pembeni.

Naomba mnisaidie kuisoma tu. Kipi ni hatari, na wewe umekijuaje kwa kutazama picha? Sitaki kwenda kumkabili mwalimu kwa jambo ambalo mwenyewe sijalielewa.

Mpishi_Magomeni

Mama Tumaini, hiyo sahani wamejitahidi. Yai lipo, tunda lipo, mboga ipo. Mimi ningeondoa soseji tu kwa sababu ya chumvi, niweke maharage yaliyopondwa. Na zabibu zina sukari nyingi, papai lingetosha.

MamaTumaini

Asante mpishi, ila siulizi lishe. Nauliza kupaliwa.

BabaPacha

Hii ni rahisi. Suala zima ni ukubwa. Viwanda vya midoli vina kopo la kupimia lenye upana wa sentimita 3.17, kitu kikizama humo, hakifai kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Mimi nyumbani natumia kile kigogo cha ndani cha karatasi ya chooni, kinakaribiana. Kinachozama humo, kwangu hakiingii mdomoni. Kwa hiyo hapo zabibu na soseji zinafeli, karoti ni ndefu imepita, mkate umepita, yai limepita. Na hivyo viwili vilivyofeli dawa yake ni kuvikata vidogo zaidi, basi.

BiMwanaidi_Tanga

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, sehemu kubwa kwenye chumba cha upasuaji wa masikio, pua na koo, ambako watoto waliovuta karanga na mbegu kwenye njia ya hewa huletwa kutolewa. Nitajibu kwa urefu kidogo, mnivumilie.

BabaPacha, kipimo chako ni cha kweli, lakini kilitengenezwa kwa vitu ambavyo mtoto havitafuni. Karoti haiingii kwenye kopo lako, sawa. Mtoto akiing'ata ncha, kipande alichong'oa kinaingia. Na hicho ndicho kitakachofika kooni.

Mama Tumaini, ukiitazama picha jiulize maswali mawili kwa kila kitu. La kwanza: kikifika kooni kitakuwa na umbo gani? La pili: mtoto huyu, kwa meno aliyonayo, anaweza kukibadilisha hicho kitu kabla hakijafika huko? Kwa umri wake meno ya mbele yapo, magego ya kwanza yanaweza kuwa yametoka, yale ya nyuma kabisa mara nyingi bado. Ana uwezo wa kukata, uwezo wa kusaga ni mdogo.

Tuanze na zabibu. Tazama mng'ao wake kwenye picha. Kila moja ina doa moja la mwanga, duara, halijakatika popote, na hakuna sehemu inayoonyesha nyama ya ndani. Maana yake ngozi ni nzima, haijaguswa na kisu. Zabibu nzima ni kitu laini, chenye utelezi, kinachobonyea bila kupasuka. Njia ya hewa ya mtoto wa umri huo haifiki upana wa sentimita moja. Zabibu ikikaa juu yake inajifinyanga kufuata umbo la tundu na kuziba kote kote, kama kizibo kwenye chupa. Hakuna upenyo wa hewa pembeni, na mtoto hawezi kukohoa kwa sababu kikohozi chenyewe kinahitaji hewa.

Soseji ni ndugu yake. Kwenye picha yako kuna kiduara kimoja kimeegemea yai, ndicho kinachotupa unene: karibu nusu ya upana wa kile kijiko. Umbo ni duara kamili, pembeni kuna mstari unaong'aa, nao ni ile ngozi yake. Kukata soseji viduara ndiyo namna mbaya kuliko zote, kwa sababu umetengeneza vizibo vingi kwa mkono wako. Ipasuliwe kwa urefu mara mbili ipatikane vijiti vinne, ngozi itolewe, ndipo vijiti vikatwe vifupi.

Karoti nitaieleza baadaye, simu inaisha chaji.

Kipepeo_wa_Nyali

Naomba niingilie kwa yaliyonifika, maana naona watu wakizungumzia kuziba tu. Wangu hakuzibwa na kitu. Alikuwa na miaka miwili, yuko sebuleni na binamu zake wakila karanga za kukaanga. Akakohoa sana, uso ukamwiva, kisha akatulia akaendelea kucheza. Tukajua yamekwisha.

Baada ya hapo kikohozi hakikumwacha. Kifua kikawa kikilia kama filimbi. Twapeleka zahanati, twapewa dawa ya kifua. Twarudi, twaambiwa huenda ni pumu. Eksirei ikapigwa, twaambiwa haina kitu. Mpaka daktari mmoja, kijana tu, akatuuliza: kikohozi hiki kilianza siku gani, na mtoto alikuwa akifanya nini? Mamangu ndiye aliyekumbuka zile karanga. Ikatolewa kwa kamera, nusu ya karanga, imevimba.

Kwa hiyo BabaPacha ukisema "vikatwe vidogo zaidi, basi", mimi ninashtuka.

BabaPacha

Pole sana dada. Lakini hapo kwenye picha hakuna karanga.

BiMwanaidi_Tanga

Kuna siagi yake, na nitaifikia. Kipepeo amesema jambo ambalo nililiona sana kazini. Hatari ziko mbili na hazifanani. Kitu kikubwa kiasi, cha mviringo, kinaziba juu na mtoto ananyamaza papo hapo. Kitu kidogo, kigumu, kinapita koo la sauti na kushuka ndani, mara nyingi upande wa kulia kwa sababu mrija wa huko umenyooka zaidi na ni mpana kidogo. Huko mtoto mara nyingi hafi siku hiyo, ila karanga inavimba, mafuta yake yanachoma kuta za mrija, na baada ya muda kifua kinaugua. Karanga yenyewe haionekani kwenye eksirei, ndiyo maana picha inaweza kutoka safi na bado imo.

Basi ndiyo sababu kupunguza ukubwa si dawa ya kila kitu. Zabibu ukiikata kwa urefu vipande vinne umeondoa hatari yake, kwa sababu hatari yake ni umbo. Karanga ukiivunja vipande vinne umepata vipande vinne vigumu vinavyoweza kushuka kifuani. Hiyo dawa yake ni kuisaga kabisa.

Sasa karoti. Hii ndiyo inayowadanganya wengi kwenye picha, kwa sababu mbichi na ya kuchemsha zina rangi moja ukitazama haraka. Ikuze picha uangalie kingo. Kwenye sahani yako kingo ni kali, pembe ni za mraba, juu kuna kama ukungu mweupe, na kijiti kilicholala juu ya kingine kimenyooka bila kulegea. Hiyo ni mbichi, na imekatwa muda kidogo ikaanza kukauka. Iliyoiva kingo zake zinakuwa butu, rangi inakolea na kuonekana na majimaji, na kijiti kikiegemea kitu kinapinda. Mtoto akiing'ata mbichi inavunjika kwa kishindo, kipande kigumu, na hana pa kukisagia. Ichemshwe mpaka ibonyezwe kwa kidole gumba na cha shahada ipondeke, au ikwanguliwe kwa kikwangulio.

Siagi ya karanga: kwenye mkate wako imekaa kama kilima, na ile ncha iliyobaki kijiko kilipoinuliwa bado imesimama. Hiyo ni nzito. Donge la namna hiyo linanata kwenye koo, na likinata kikohozi hakilisogezi. Ikipakwa nyembamba unaona vitundu vya mkate kupitia juu yake. Ukiviona, hakuna shida.

Yai sina ugomvi nalo sana. Kiini kimepauka na kina ule ukingo wa kijani, yaani limechemshwa kupita kiasi, litakuwa kavu. Liponde na maji kidogo au parachichi.

Kijana_wa_Chake

Bi Mwanaidi, kwa heshima zote. Sisi tumekua tunakula ubuyu, kashata, mbata na muwa tangu hatujui kusema. Mbona tuko hai? Watoto wa siku hizi wanaogopeshwa mpaka zabibu.

BiMwanaidi_Tanga

Mwanangu, waliobaki hai ndio wanaoandika humu. Wale wengine hawana simu.

Na umetaja ubuyu, ngoja nikuulize. Ukiunyonya ukaisha unga na sukari, kinachobaki mdomoni ni nini? Mbegu ngumu, nyororo, imelowa mate, na mtoto anaizungusha ulimini huku anakimbia. Kwenye picha ubuyu unaonekana mwekundu, una unga, mtu anadhani ni kitu kinachoyeyuka. Unayeyuka juu tu.

Kijana_wa_Chake

Hapo nimekuelewa. Lakini mbata bado naitetea, unampa kipande kikubwa anafyonza tu.

BiMwanaidi_Tanga

Anafyonza mpaka siku anayoweza kuivunja. Hiyo siku hakuambii.

Mama_Pacha_Kisumu

Mimi naona tofauti. Mtoto akikwamwa na kitu si unaingiza kidole haraka unatoa? Kwetu tunafanya hivyo na smoki. Nikiwa karibu naye, naona hakuna haja ya kukata hivyo vyote.

BiMwanaidi_Tanga

Usiingize kidole kwa kubahatisha. Kama hukioni kitu kwa macho unakisukuma chini zaidi. Mtoto anayekohoa kwa sauti, mwache akohoe, kaa naye. Anayefungua mdomo bila sauti, rangi inabadilika, huyo ndiye wa kushughulikia: mwinamishe, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara tano, na kama amezidi mwaka mmoja na bado, simama nyuma yake umbonyeze tumbo juu ya kitovu kwa ndani na kwenda juu mara tano, urudie, huku mwingine anaita msaada. Wa chini ya mwaka habonyezwi tumbo, anabonyezwa kifua. Lakini haya mkajifunze kwa mtu anayewaonyesha kwa mikono, kusoma hakutoshi. Na kuwa karibu hakukupi muda mwingi kama unavyodhani, kwa sababu aliyezibwa hapigi kelele. Ukiwa umegeuka kuchukua maji hujui.

Mwalimu_wa_Chekechea

Naomba na sisi tusikilizwe. Nina kituo, watoto ni wengi, wasaidizi wawili. Kila zabibu ikatwe mara nne kwa urefu, soseji ivuliwe ngozi, karoti ichemshwe mpaka ilainike, saa ngapi? Na wazazi wenyewe ndio wanaoleta hizo zabibu na soseji kwenye vikopo, kwa sababu vinapendeza. Nikimrudishia mzazi kopo lake nimekuwa mbaya.

Nilichofanya mimi ni kubadilisha vyakula. Papai lililoiva, ndizi, parachichi, viazi vitamu vya kuchemsha, embe likiwa msimu. Kukata ni mara moja na hakuna cha kuvua ngozi.

MamaTumaini

Mwalimu asante, sikuwa nimelifikiria upande huo. Kwetu sahani inatoka kituoni, lakini nakuelewa.

Swali dogo: na ndizi je? Watu wengi wanaikata viduara.

BabaPacha

Ndizi ni laini, haiwezi kumkaba mtu.

BiMwanaidi_Tanga

Ndizi iliyoiva inapondeka kwa ulimi, kwa hiyo hata kiduara chake hakinitishi kama cha soseji. Ila "laini" peke yake si kibali, BabaPacha. Soseji nayo ni laini. Tofauti ni kwamba ukiibonyeza ndizi inavunjika, ukiibonyeza soseji inarudi ilivyokuwa. Kinachobonyea na kurudi ndicho kinachoziba. Na mkate mweupe mbichi, mtoto akijaza mdomo, unageuka donge. Mimi ndizi huikata kwa urefu ili aishike mkononi, na haitelezi hovyo.

Zuhura_Muscat

Huku tende hazikosekani kwenye sahani ya mtoto. Nikitumiwa picha ya tende nitajuaje kama kokwa imetolewa?

BiMwanaidi_Tanga

Iliyotolewa kokwa ina mpasuko ubavuni au tundu kwenye ncha, na katikati imebonyea. Iliyojaa vizuri pande zote, dhani kokwa imo. Na hata bila kokwa, tende nzima inanata. Ichanechane vipande vyembamba. Ni hivyo hivyo kwa shokishoki, ambalo likimenywa ni duara, jeupe, linateleza, na kokwa imo ndani. Hilo simpi mtoto likiwa zima hata kama mama yake ananiangalia vibaya. Limenywe, nyama itolewe kwenye kokwa.

Mpishi_Magomeni

Na bisi? Shule nyingi zinatoa bisi siku za sherehe.

BiMwanaidi_Tanga

Kwenye picha bisi zinaonekana kama pamba, nyepesi, hazina uzito. Tazama chini ya bakuli: zile punje ambazo hazijapasuka, na yale maganda ya kahawia yaliyoshikana na kila bisi. Ganda ni jembamba na gumu, linavutwa ndani na pumzi mtoto akicheka. Mimi nasema kabla ya miaka minne hapana.

Kipepeo_wa_Nyali

Mimi niliambiwa mitano, kwa karanga nzima na bisi zote mbili.

BiMwanaidi_Tanga

Wapo wanaosema minne, wapo wanaosema mitano. Marekani madaktari wa watoto husema minne, Uingereza karanga nzima wanasema mitano. Sitakugombeza ukichagua mitano. Kwa yaliyokupata hata mimi ningechagua hiyo.

MamaTumaini

Wadau, mrejesho. Nilimtumia mwalimu ujumbe kwa upole, nikaeleza zabibu na soseji tu ili asione nimemvamia. Amepokea vizuri. Picha ya leo hii hapa: soseji haipo, karoti haipo, kuna papai, na zabibu zimekatwa. Nimefurahi.

BiMwanaidi_Tanga

Hongera, na mwalimu wako ni muungwana. Sasa ikuze hiyo picha utazame zabibu. Ule uso uliokatwa una umbo gani?

MamaTumaini

Duara. Katikati kuna vijimbegu.

BiMwanaidi_Tanga

Basi kisu kimepita kwa upana. Kila nusu ni kuba, chini bapa, juu mviringo, na upana wake ni ule ule wa zabibu nzima. Ikigeuka kooni inaziba kama mwanzo. Ingekatwa kwa urefu ungeona uso mrefu wenye ncha mbili, na ikirudiwa unapata vipande vyembamba vinne visivyo na mviringo wowote. Na hivyo vijimbegu vitoke, au anunue zile zisizo na mbegu.

BabaPacha

Aisee. Hapo ningesema imepita, kwa sababu ni ndogo.

Mwalimu_wa_Chekechea

Na mimi nazikataga hivyo hivyo kwa upana, ni haraka. Kuna njia ya kukata nyingi kwa pamoja kwa urefu?

Mpishi_Magomeni

Wanaziweka kati ya vifuniko viwili vya plastiki wanapitisha kisu kirefu katikati. Ila kwa urefu inabidi uzilaze zote upande mmoja kwanza, ndipo muda unapotea. Na ukimaliza unatakiwa uzirudie kupata robo. Kwa watoto wengi mimi ningebaki na papai.

MamaTumaini

Bi Mwanaidi, la mwisho. Hizi picha zinapigwa kutoka juu kila siku. Kuna vitu sivioni hata nikikuza.

BiMwanaidi_Tanga

Unene huoni, na kilicho chini ya mkate huoni. Mwombe apige moja kutoka pembeni, usawa wa sahani, na kijiko kikae karibu na chakula upate kipimo. Kwa karoti au kiazi abonyeze kipande kimoja kwa uma kabla ya kupiga. Alama za uma zikizama ujue kimeiva. Na kama anaweza, picha moja watoto wakiwa wamekaa wanakula. Sahani nzuri ikiliwa na mtoto anayekimbia uwanjani, au aliyelala kwenye mkeka, mimi bado ningeuliza.

MamaTumaini

Nimemwandikia. Uma hawana, wana vijiko tu, amesema atabonyeza kwa mgongo wa kijiko.

BiMwanaidi_Tanga

Mgongo wa kijiko unafaa. Kikipondeka chote bila kutumia nguvu, kimeiva.